Jumatatu Inayoanza Ijumaa: Saa ya Kikomo na Safari ya Pesa za Benki

Utangulizi

Mtu wa Mombasa amenunua kitu kwa mtu wa Shella, Malindi. Ijumaa jioni mnunuzi anasema, "Pesa nimekwisha kutuma." Jumatatu asubuhi muuzaji anasema, "Kwangu hazijaingia." Kila mmoja anayo sababu ya kumdhania mwenzake kuwa mwongo, ilhali huenda wote wawili wanasema kweli. Mmoja anazungumzia agizo alilolitoa. Mwingine anazungumzia salio analoliona. Kati ya agizo na salio ipo safari, na safari hiyo haiendi kila saa wala kila siku.

Makala hii inaeleza safari hiyo kwa malipo ya kawaida baina ya benki mbili nchini Kenya, yaani yale yanayojulikana kwa jina la EFT. Swali linaloongoza maelezo ni moja: kwa nini pesa zilizotumwa Ijumaa alasiri, au siku inayotangulia sikukuu, hukawia kuliko zilizotumwa Jumanne asubuhi, hata kama kiasi ni kile kile na benki ni zile zile? Jibu, kwa ufupi, ni kwamba benki ina siku yake. Siku hiyo haifuati jua wala usiku wa manane. Hufuata saa ya kikomo.

Maana tatu za neno "siku"

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na wazo kwamba siku yaweza kuanza mahali pasipotarajiwa. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Ndiyo maana mzee wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa" huenda akawa anamaanisha usiku ambao serikali ingeuita Alhamisi usiku. Hesabu ya serikali, ambayo ndiyo inayoandikwa katika mikataba na risiti, huanza siku saa sita ya usiku. Vilevile majina ya siku zenyewe yamebeba hesabu mbili. Jumatano ni siku ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi, na Alhamisi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni siku ya tano ukianza kuhesabu Jumapili. Tano zimo mbili katika juma moja, na hakuna anayepotea njia kwa sababu hiyo, kwa kuwa kila mmoja anajua ni hesabu gani inayotumika.

Hesabu ya tatu, ya benki, ndiyo isiyojulikana na wengi. Kila benki huweka saa ambayo baada yake agizo la malipo halihesabiwi tena kuwa la leo. Makala hii itaiita saa hiyo "saa ya kikomo". Benki hazilingani katika jambo hili, na hata katika benki moja, saa ya fomu inayojazwa tawini yaweza kuwa mapema kuliko ya agizo linalotolewa kwa mtandao. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano, kwamba saa ya kikomo ni saa tisa alasiri. Agizo la Ijumaa saa nane na dakika hamsini ni la Ijumaa. Agizo la Ijumaa saa tisa na dakika kumi ni la siku ya kazi inayofuata, yaani Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu ya benki huanza Ijumaa alasiri, na huchukua karibu siku tatu kamili za watu wengine.

Yapo makosa madogo yanayozaliwa na lugha hapa. Tangazo la benki huandikwa kwa saa za Kizungu, ambapo 3:00 ya mchana ndiyo saa tisa ya Kiswahili. Anayesoma "3:00" kwa haraka na kumwambia mwenziwe kwa simu "mwisho ni saa tatu" amemtia wasiwasi wa bure. Anayesema "mwisho ni saa tisa" na mwenziwe akaandika 9:00 amemtia hasarani.

Agizo linakwenda wapi?

Mteja anapobonyeza kitufe cha kutuma, jambo la kwanza linalofanyika ni kupunguzwa kwa salio lake. Mara nyingi hilo hufanyika papo hapo, hata usiku, hata Jumapili, na ujumbe wa simu humjia kumwarifu. Ujumbe huo ndio chanzo cha kutoelewana kwingi. Unathibitisha kwamba pesa zimeondoka katika akaunti ya mtumaji. Hauthibitishi kwamba zimeondoka katika benki yake.

Maagizo ya EFT hayaendi moja moja. Benki ya mtumaji huyakusanya katika fungu, na saa ya kikomo inapofika fungu hufungwa na kupelekwa katika kituo cha kulinganisha malipo kilichoko Nairobi, kinachosimamiwa na Chama cha Mabenki cha Kenya. Kituo hicho hupokea mafungu ya benki zote, huyachambua, na kuipa kila benki orodha ya malipo yanayoihusu. Baada ya hapo benki ya mpokeaji huingiza kila kiasi katika akaunti ya mwenyewe. Ikiwa imepata orodha mapema, mpokeaji aweza kuona pesa siku hiyo hiyo. Vinginevyo huziona siku ya kazi inayofuata.

Hivyo basi vikomo ni zaidi ya kimoja. Tawi la Malindi lina saa yake ya kufunga fomu ili karani apate muda wa kuziingiza katika mtambo. Makao makuu yana saa yake ya kufunga fungu. Kituo cha Nairobi nacho kina saa zake za kupokea mafungu. Kila kikomo kimewekwa mapema kidogo kuliko kile kinachokifuata, na mteja, aliye mwanzoni mwa mnyororo, ndiye mwenye saa ya mapema kuliko wote. Ndiyo sababu karani aweza kukataa fomu ya saa tisa na nusu huku mlango wa benki ukiwa wazi na foleni ikisonga.

Kwa nini mafungu?

Huenda msomaji akauliza kwa nini benki zisipitishe kila agizo peke yake. Sababu ni ya hesabu. Ichukuliwe kwamba katika siku moja wateja wa Benki ya Kwanza wamewatumia wateja wa Benki ya Pili jumla ya shilingi milioni 40, na wateja wa Benki ya Pili wamewatumia wale wa Benki ya Kwanza jumla ya milioni 37. Kama kila agizo lingelipwa peke yake, zingehitajika milioni 77 za kuhama huku na huko. Yakilinganishwa kwa pamoja, Benki ya Kwanza inadaiwa milioni 3 tu. Kiasi hicho ndicho kinachohamishwa kutoka akaunti yake hadi akaunti ya mwenziwe, na akaunti hizo zote mbili zimo katika Benki Kuu ya Kenya.

Hapo ndipo penye fundo la jambo lote. Ulinganishaji hauna maana mpaka deni lililobaki limelipwa, na deni hilo hulipwa katika mfumo wa Benki Kuu unaoitwa KEPSS, ulioanza kazi mwaka 2005. Mfumo huo hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na hufungwa siku za sikukuu. Tangu tarehe 1 Julai 2025 saa zake zimeongezwa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Nyongeza hiyo imerefusha siku ya kazi; haikuongeza siku katika juma. Jumamosi ingali nje.

Jambo hili la Jumamosi huwahadaa wengi. Matawi kadhaa hufunguliwa Jumamosi asubuhi, na mteja huweza kuweka pesa, kutoa pesa na kujaza fomu ya malipo. Akiona karani ameipiga fomu mhuri, huamini kwamba malipo yameanza safari. Lakini benki iliyo wazi si mfumo ulio wazi. Fomu ya Jumamosi hukaa pamoja na zile za Ijumaa jioni, zikiingojea Jumatatu.

KEPSS yenyewe hupitisha pia malipo ya wateja, moja moja, kwa njia iitwayo RTGS. Tangu mwaka 2009 malipo ya kibenki yanayozidi shilingi milioni 1 yamelazimika kupita njia hiyo badala ya hundi au EFT. RTGS haingoji fungu, kwa hiyo agizo la asubuhi huweza kufika baada ya muda mfupi. Hata hivyo, nayo hufuata saa za mfumo na saa ya kikomo ya benki. Tofauti yake na EFT ni kama ya teksi na basi la saa maalumu: teksi haingoji abiria wajae, lakini barabara ikifungwa, vyote viwili husimama.

Mfano wa Pasaka ya mwaka 2024

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kalenda yake ni ya kweli. Mvuvi wa Shella anauza mashua pamoja na mashine yake. Mnunuzi, aliye Mombasa, amelipa arubuni na amebakiza shilingi 380,000. Wamekubaliana kwa maandishi kwamba salio "litalipwa kabla ya Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024", la sivyo muuzaji atakuwa huru kumuuzia mtu mwingine. Tayari yupo mnunuzi wa pili, mwenye pesa taslimu.

Mnunuzi wa kwanza anatoa agizo la EFT kwa mtandao siku ya Alhamisi, tarehe 28 Machi, saa kumi na nusu jioni. Salio lake linapungua mara moja. Anaona amewahi kwa siku tano nzima, na anamtumia muuzaji picha ya agizo.

Hesabu ya benki ni nyingine. Saa ya kikomo, saa tisa, imekwisha kupita. Agizo ni la siku ya kazi inayofuata. Ijumaa tarehe 29 Machi ni Ijumaa Kuu, sikukuu. Jumamosi tarehe 30 na Jumapili tarehe 31 mfumo umefungwa. Jumatatu tarehe 1 Aprili ni Jumatatu ya Pasaka, sikukuu pia. Kwa hiyo siku ya kazi inayofuata ni Jumanne tarehe 2 Aprili. Siku hiyo ndiyo agizo linapoingia katika fungu, na benki ya mvuvi ikiwa ni ile inayoingiza malipo siku inayofuata, pesa zinaonekana Jumatano, tarehe 3 Aprili. Mnunuzi amehesabu siku tano za mapema. Benki imehesabu siku moja ya kuchelewa.

Je, angaliokoka kama angaliagiza Alhamisi saa nane mchana? Si lazima. Agizo lingaliingia katika fungu la Alhamisi, lakini kama benki ya muuzaji haikuingiza malipo jioni ile, yangalionekana Jumanne asubuhi, nje ya muda waliokubaliana. Siku salama kwa EFT ilikuwa Jumatano tarehe 27 Machi, kabla ya saa ya kikomo. Kanuni inayotokana na mfano huu ni kwamba mtumaji asihesabu siku kutoka kwake kwenda mbele. Ahesabu kutoka siku ambayo mpokeaji anazihitaji pesa kurudi nyuma, akiruka kila siku ambayo si ya kazi, na aache siku moja ya kazi ya ziada.

Sikukuu zisizokuwamo katika kalenda

Pasaka hujulikana mapema. Zipo sikukuu zisizojulikana hivyo. Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, Sura ya 110, inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko yake huhamia siku inayofuata. Hivyo Madaraka ya tarehe 1 Juni 2025, iliyokuwa Jumapili, iliifunga Jumatatu tarehe 2. Ikiangukia Jumamosi haihamishwi, na kwa malipo ya benki haipunguzi chochote, kwa kuwa Jumamosi haikuwa siku ya kazi tangu mwanzo.

Idi huja kwa mwandamo. Anayetuma pesa za nguo za watoto na kitoweo katika siku za mwisho za Ramadhani anatuma bila ya kuwa na yakini ni siku gani hasa itakayofungwa. Mwaka 2024 sikukuu ya Idd-ul-Fitr iliwekwa Jumatano, tarehe 10 Aprili, katikati ya juma, na malipo ya Jumanne jioni yakawa ya Alhamisi.

Tena ipo sikukuu inayotangazwa kwa ghafla. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 ilifanywa sikukuu ya kuwaomboleza waliofariki katika mafuriko na ya kupanda miti. Tangazo lilitolewa siku chache tu kabla yake. Aliyekuwa amepanga kutuma pesa Ijumaa asubuhi ili zifike siku ile ile aliikuta Ijumaa yenyewe imeondolewa katika hesabu, na siku ya kazi ikawa Jumatatu tarehe 13. Hapana kalenda ya ukutani iliyomwonya.

Ijumaa ya Ghuba

Malindi, kama miji mingine ya pwani, ina watu wake walioko katika nchi za Ghuba. Kwao tatizo la Ijumaa lina sura nyingine. Saudi Arabia na Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013; kabla ya hapo zilipumzika Alhamisi na Ijumaa. Kenya hupumzika Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo siku ambazo benki za Muscat na za Nairobi ziko kazini kwa pamoja ni nne tu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Anayetuma kutoka Muscat Alhamisi jioni, baada ya saa ya kikomo, agizo lake linaanza kushughulikiwa Jumapili. Jumapili Nairobi imefunga. Jumatatu ndiyo siku ya kwanza ambayo pande zote mbili zimeamka. Kama malipo ni ya dola, hupitia pia benki ya Marekani, na sikukuu za huko huingia katika hesabu. Umoja wa Falme za Kiarabu ulibadilisha mapumziko yake Januari 2022 kuwa Jumamosi na Jumapili, pamoja na nusu ya Ijumaa. Anayetuma kutoka Dubai kwa hiyo ana siku zaidi ya yule wa Muscat, ingawa Ijumaa yake inakwisha mapema.

Kuchelewa, kurudishwa na kudanganywa

Pesa zisipoonekana, mambo matatu yaweza kuwa yametukia, nayo hayafanani. La kwanza ni kuchelewa kwa kawaida, ambako dawa yake ni kuhesabu siku za kazi kama ilivyoelezwa. Siku ya pili ya kazi baada ya tarehe ya agizo ikipita bila pesa kuonekana, hapo kuchelewa si kwa kawaida tena.

La pili ni kurudishwa. Nambari ya akaunti ikikosewa, au akaunti ikiwa imefungwa, benki ya mpokeaji huyarudisha malipo kwa njia ile ile ya mafungu. Kosa la Ijumaa jioni hugunduliwa Jumatatu au Jumanne, pesa hurudi Jumanne au Jumatano, na agizo jipya huanza safari upya. Juma zima limekwenda kwa tarakimu moja. Dalili yake ni salio la mtumaji kuongezeka tena kwa kiasi kile kile. Mtumaji anayefuatilia aiulize benki yake nambari ya kumbukumbu ya malipo, ampe mpokeaji, naye aipeleke kwa benki yake. Picha ya skrini haina kazi hapo.

La tatu ni hadaa. Tapeli anayejua kwamba malipo halali ya Ijumaa jioni hayaonekani hadi Jumatatu au Jumanne ana siku mbili au tatu za kuaminiwa bila ushahidi. Humwonyesha muuzaji karatasi ya agizo au ujumbe wa simu, akaondoka na mali. Hundi hutumika vivyo hivyo: ikiwekwa, kiasi chaweza kuonekana katika salio la jumla kabla hakijathibitishwa na benki iliyoitoa, na hundi isiyo na pesa hurejeshwa baadaye. Salio la kuangaliwa ni lile linaloweza kutolewa.

Njia isiyongoja

Tangu mwaka 2017 benki nyingi za Kenya zimeunganishwa na PesaLink, inayohamisha kiasi kisichozidi shilingi 999,999 kutoka akaunti hadi akaunti papo hapo, usiku na mchana, siku za sikukuu pia. Mnunuzi wa mashua, mwenye deni la shilingi 380,000, angaliweza kuitumia Alhamisi ile saa kumi na nusu, na hata Jumapili ya Pasaka. Kilichomchelewesha si teknolojia kukosekana. Kilichomchelewesha ni kuchagua basi wakati teksi ilikuwapo, kwa sababu katika skrini ya simu njia hizi hukaa pamoja na zote huitwa "kutuma pesa".

Hitimisho

Maelezo haya yanaacha suala ambalo wanafunzi wa lugha wanaweza kulitatua vizuri kuliko mabenki. Mkataba wa mashua ulisema salio "litalipwa kabla ya Jumanne". Kitenzi "kulipa" hakikuonyesha ni tendo gani lililokusudiwa. Mtumaji alipotoa agizo Alhamisi, kwa maana moja alilipa. Mpokeaji alipokosa pesa Jumanne, kwa maana nyingine hakulipwa. Vitenzi "kutuma", "kulipa", "kufika" na "kuingia" vina mipaka tofauti, na fedha za watu hupotea katika mapengo yaliyo kati yake.

Mkataba ungalisema, "salio liwe limeingia katika akaunti ya muuzaji, tena liwe laweza kutolewa, kabla ya saa sita mchana siku ya Jumanne, tarehe 2 Aprili 2024", kila upande ungalijua jukumu lake, na mnunuzi angalilazimika kuihesabu safari yote badala ya mwanzo wake. Na mkataba ungaliongeza kwamba siku hiyo ikitangazwa kuwa sikukuu, muda utasogea hadi siku ya kazi inayofuata, hata tangazo la ghafla lisingalimnyang'anya mtu mashua yake.